Ombi la Habari Lisilo na Habari

Ombi la kuandikiwa habari linapokuja bila nani, nini, lini, wapi na kwa nini, kinachofika mezani kwa mwandishi ni mada, wala si habari. Maji ni mada. Ajali za bodaboda ni mada. Elimu ya mtoto wa kike ni mada. Habari huanza pale jambo fulani linapotokea, mahali fulani, siku fulani, likamgusa mtu fulani. Maombi ya aina hii huingia vyumba vya habari kila siku, na wanaoyaleta hawana nia mbaya. Mara nyingi wanalijua tukio kwa undani kiasi kwamba hawaoni kuwa hawajalisimulia.

Mfano wa kubuni utasaidia. Ujumbe wa simu unaingia dawati la habari jioni: “Tunaomba mtuandikie habari kuhusu mradi wa maji kijijini kwetu. Msisahau kutaja kwamba wananchi wamefurahi sana. Tunaihitaji kesho.” Hakuna jina la kijiji wala la wilaya. Haijulikani kama mradi umeanza, umekamilika au umekwama, wala nani ameulipia. Furaha ya wananchi imetajwa, lakini hakuna mwananchi hata mmoja aliyetajwa. Pamoja na hayo, muda wa mwisho umewekwa, na hisia ambayo msomaji atakiwa aipate imeshaamuliwa.

Maombi haya yana vyanzo vitatu vikuu. Cha kwanza ni taasisi inayotaka kusikika: halmashauri, shirika, shule au kampuni iliyomwambia ofisa habari wake “tafuta chombo watuandike.” Cha pili ni mhariri mwenyewe, anapomtuma mwandishi kwa maneno matatu au manne yanayofanana na kichwa cha habari. Cha tatu ni mwalimu wa uandishi anayewaambia wanafunzi waandike habari ya moto sokoni bila kuwapa karatasi ya taarifa za tukio. Hiki cha tatu kina madhara ya chini chini, kwa sababu humzoesha mwanafunzi kutunga majina na idadi, kisha akasifiwa kwa lugha nzuri. Mwalimu anayejua kazi hugawa taarifa za kubuni za tukio zima kabla ya zoezi kuanza, au huwapeleka wanafunzi sokoni kweli.

Anayepokea ombi tupu akaamua kuliandika hivyo hivyo ana njia mbili tu, na zote ni mbovu. Ya kwanza ni kuandika maneno yasiyoshikika. Ombi la mradi wa maji likiandikwa kwa njia hiyo litatoa aya kama hii: “Wananchi wa kijiji kimoja wameondokana na adha ya muda mrefu ya maji baada ya kukamilika kwa mradi mkubwa utakaowanufaisha maelfu ya wakazi.” Sentensi inateleza vizuri mdomoni, na imefuata kabisa sauti ya gazeti. Lakini ikisomwa polepole, kila neno lenye uzito linaficha pengo. “Kijiji kimoja” ni mahali pasipojulikana. “Muda mrefu” ni lini isiyojibiwa. “Mkubwa” na “maelfu” vimekaa mahali pa tarakimu. Hata “kukamilika” kumekisiwa, kwa sababu ujumbe haukusema mradi umekamilika. Mhariri mzoefu huigundua habari ya namna hii kwa jaribio dogo: huondoa jina la mradi na kuweka la mradi mwingine, wa barabara au wa zahanati, kisha huangalia kama aya inasimama bado. Ikisimama, basi haikuwa inaeleza tukio lolote.

Njia ya pili ni kujaza mapengo kwa ubunifu, na hii ndiyo iliyowahi kuangusha watu na kuaibisha magazeti makubwa. Kisa kinachofundishwa zaidi ni cha Janet Cooke, mwandishi wa The Washington Post nchini Marekani, na kinastahili kuangaliwa kwa ukaribu kwa sababu kilianza na ombi.

Mwaka 1980 Cooke alikuwa akikusanya taarifa kuhusu heroini mjini Washington. Katika mazungumzo yake na watu wanaowahudumia waathirika, alisikia fununu ya mtoto wa miaka minane anayetumia dawa hiyo. Alipompelekea mhariri wake taarifa alizokusanya, mhariri aliishika ile fununu: hiyo ndiyo habari, na nafasi yake ni ukurasa wa mbele, kamtafute mtoto huyo. Tangu hapo kilichokuwapo ni nusu ya “nini” peke yake. Jina la mtoto halikuwapo, nyumba haikujulikana, mzazi hakujulikana, na hakuna aliyekuwa na hakika kwamba mtoto mwenyewe yupo. Cooke alimtafuta asimpate. Badala ya kurudi na jibu hilo, alimtunga.

Habari hiyo, iliyoitwa Ulimwengu wa Jimmy, ilichapishwa Septemba 28, 1980. Ilikuwa na kila kitu ambacho msomaji angetamani kukiona: rangi ya nywele za mtoto, alama za sindano mkononi, maneno ya mama yake. Jina halisi na anwani ndivyo vilivyokosekana, na pengo hilo lilielezwa kuwa ni ahadi ya kuwalinda waliohojiwa. Jiji lilishtuka. Polisi walimtafuta mtoto ili aokolewe, wasimpate. Ndani ya chumba cha habari chenyewe walikuwapo waliotia shaka, lakini hakuna mhariri aliyekuwa amekwenda kuonana na Jimmy au mama yake kabla ya gazeti kwenda mtamboni. Aprili 13, 1981 Cooke alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Pulitzer. Uongo haukufichuliwa na habari yenyewe. Ulifichuliwa na wasifu wake. Gazeti alilowahi kufanyia kazi huko Toledo liliona kwamba maelezo ya elimu yake yaliyotolewa pamoja na tuzo hayalingani na yale linayoyajua. Wahariri walimbana kwanza kwenye shahada zake, kisha kwenye Jimmy, naye akakiri. Siku mbili baada ya kutangazwa mshindi, alijiuzulu na tuzo ikarudishwa.

Lawama ya kutunga ni ya Cooke. Ila kisa hiki kinaonyesha pia jinsi ombi lenye kichwa cha habari tayari linavyomsukuma mwandishi. Kichwa kikishatangulia, jibu la “sikumpata” linaonekana kama kushindwa kazi, ilhali ndilo jibu la kweli lililokuwapo. Inafaa kusisitiza jambo moja zaidi: habari ile haikupwaya kwa kukosa maelezo madogo madogo. Ilijaa maelezo hayo. Kilichokosekana ni maelezo ambayo mtu mwingine angeweza kwenda kuyahakiki. Ndiyo maana nani na wapi hupewa uzito kuliko rangi ya pazia: vinampa msomaji, polisi, jirani na mpinzani mahali pa kuanzia wakitaka kujua kama ni kweli.

Namna sahihi ya kulitendea ombi tupu ni kulirudisha kwa mwenyewe likiwa maswali, na mpangilio wa maswali hayo una maana. Kurudi kwenye mradi wa maji: mwandishi anampigia simu aliyetuma ujumbe, na swali la kwanza ni la nini, tena linaulizwa kwa kitenzi. Aliyeulizwa “mradi unahusu nini” atajibu kwa maneno ya bango. Aliyeulizwa “kimetokea nini ambacho wiki iliyopita hakikuwapo” atalazimika kusimulia. Katika mfano huu tuseme anajibu kwamba kisima kirefu kimechimbwa, kimefungwa pampu ya umeme wa jua, na maji yanatoka katika vituo vitatu vya kuchotea. Sasa kipo cha kuandika.

Swali la lini huonekana jepesi, na hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu tukio moja huwa na tarehe zaidi ya moja. Mwenye ombi anasema “Jumanne ijayo,” akimaanisha siku ya uzinduzi, ambapo mkuu wa wilaya atakata utepe. Mwandishi anauliza maji yalianza kutoka lini. Jibu ni Machi 3, wiki mbili zilizopita. Kwa taasisi tarehe kuu ni ya utepe. Kwa mama anayechota maji tarehe kuu ni Machi 3, na habari ni ya kwake. Mwandishi asiyeuliza swali hilo la pili ataandika kwamba wananchi wataanza kupata maji Jumanne, na kijiji kizima kitajua kwamba gazeti limekosea.

Wapi nayo inahitaji kuchimbwa. Jina la kijiji, ambacho hapa kitaitwa Mlimani, halitoshi ikiwa kijiji kina vitongoji vinne na vituo vyote vitatu viko katika kitongoji kimoja cha katikati. Ukweli huo ukiachwa nje, sentensi “wakazi wa Mlimani wamepata maji” inakuwa ya uongo kwa robo tatu ya vitongoji. Mwenye ombi hakudanganya. Yeye anaishi hapo katikati.

Kuhusu nani, desturi ya habari nyingi za miradi katika Afrika Mashariki ni kumtanguliza mgeni rasmi, kisha wenyeji wake kwa mpangilio wa vyeo, na mwananchi akipata nafasi huwa aya ya mwisho akishukuru. Desturi hii inatokana kwa kiasi kikubwa na namna maombi yanavyokuja. Jina la mgeni rasmi huwa limechapwa kwenye ratiba kwa herufi kubwa, wakati jina la mchota maji linahitaji mtu aende bombani kulitafuta. Katika mradi kama huu wapo angalau watu wa aina nne wa kutajwa: anayetumia maji, aliyelipia kisima, aliyekichimba na atakayekitunza. Wa mwisho husahaulika kuliko wote. Tanzania Bara, tangu sheria ya maji ya mwaka 2019, huduma ya maji vijijini husimamiwa na wakala wa serikali, RUWASA, na uendeshaji wa kila siku huachiwa vyombo vya watumia maji vya jamii yenyewe. Kwa hiyo swali la nani atatunza pampu lina mtu maalumu wa kulijibu, na mtu huyo mara nyingi anaishi hapo hapo kijijini.

Kwa nini ndilo swali gumu zaidi. Mwenye ombi atasema kisima kimechimbwa “ili kuboresha huduma,” jibu ambalo lingefaa kwa kisima chochote duniani. Mwandishi anauliza watu walikuwa wakichota wapi zamani. Inabainika kwamba kijiji kilikuwa na kisima kingine, pampu yake iliharibika miaka miwili iliyopita, na hapakuwa na fedha zilizotengwa kwa matengenezo. Habari nzima inageuka. Msomaji wa kijiji cha jirani, chenye pampu inayokohoa, sasa ana sababu ya kusoma hadi mwisho, na swali la bei ya ndoo halikwepeki tena: je, shilingi zinazotozwa bombani zinatosha kuweka akiba ya vipuri?

Majibu haya yote yametoka kwa mtu mmoja kwa simu, na hayajawa habari bado. Mtendaji wa kijiji anaweza kuthibitisha vitongoji na tarehe. Msimamizi wa kituo anaweza kuthibitisha bei. Gharama ya mradi iko halmashauri au RUWASA wilayani, na hapo mwandishi anaweza kuambiwa arudi baadaye. Sheria ya kupata taarifa ya Tanzania ya mwaka 2016 inaipa ofisi hadi siku 30 za kujibu maombi ya maandishi, na ya Kenya ya mwaka huo huo inatoa siku 21. Sheria hizo ni silaha kwa habari ya uchunguzi, lakini hazimsaidii anayetakiwa kuwasilisha kesho asubuhi. Gharama ikikosekana, habari inachapishwa ikisema kwamba ofisi fulani iliombwa kutaja gharama na haikuwa imejibu hadi gazeti linakwenda mtamboni. Pengo lililotajwa waziwazi nalo ni taarifa.

Baada ya kazi hiyo, aya ya kwanza inaweza kusomeka hivi: “Wakazi wa kitongoji cha Kati, kijijini Mlimani, wameanza kuchota maji ya kisima kipya kwa Sh50 kwa ndoo ya lita 20, miaka miwili baada ya pampu ya kisima cha zamani kuharibika na kukosa fedha za matengenezo.” Haina “adha,” haina “mkubwa,” wala furaha haijatajwa. Mkuu wa wilaya atakuja aya ya tatu au ya nne, na vitongoji vitatu visivyo na bomba vitakuja kabla yake. Aliyeomba habari anaweza asiipende hata kidogo, lakini hatakuwa na neno la kukanusha.

Yapo maombi ambayo ukosefu wa taarifa hautokani na uzembe wa mtu yeyote. Ni yale ya tukio linaloendelea, ambapo mhariri anasema “tuma chochote” na ukweli wenyewe haujapatikana. Kivuko MV Nyerere kilipopinduka Ziwa Victoria Septemba 20, 2018, karibu na gati la kisiwa cha Ukara wilayani Ukerewe, wapi na lini vilijulikana mapema. Swali lililogoma ni la watu wangapi walikuwamo. Kivuko kiliruhusiwa kubeba watu 101, lakini ilikuwa wazi kwamba waliopanda ni wengi kuliko hapo, na maofisa walieleza kuwa mkata tiketi naye alikufa na mashine yake ikapotea majini. Hakuna mwandishi, awe hodari kiasi gani, ambaye angeweza kuitoa idadi hiyo usiku ule, kwa sababu hakukuwa na mahali ilipoandikwa.

Walioandika vizuri siku zile walifunga kila idadi kwa saa na kwa msemaji: miili iliyokuwa imeopolewa hadi jioni fulani, kwa mujibu wa mkuu wa mkoa au waziri. Idadi ilipanda kutoka makumi hadi kupita 220, na habari zilizoandikwa kwa namna hiyo hazikuhitaji kusahihishwa, kwa kuwa kila moja ilisema ukweli wa saa yake. Waliokisia waliokuwamo kwa kuzidisha uwezo wa kivuko walibaki na tarakimu zisizo na mwenyewe. Na pale watu wengi walipokuwa wamekwisha kukata tamaa, Septemba 22 fundi mmoja alitolewa akiwa hai ndani ya kivuko kilichopinduka. Habari iliyokuwa imesema hakuna tena aliye hai ingekuwa imemzika mtu mzima.

Kwa nini ilichelewa zaidi. Kujaza abiria kulitajwa tangu mwanzo, kisha Rais John Magufuli akasema nahodha hakuwa kwenye usukani na kazi hiyo ilikuwa imeachiwa mtu asiye na mafunzo. Taarifa kama hizo huandikwa zikiwa na jina la aliyezisema, maana chanzo cha ajali huthibitishwa na uchunguzi, na uchunguzi huchukua siku nyingi kuliko toleo la kesho.

Kuna maombi ambayo hata baada ya maswali hayapati majibu. Mwenye ombi hapokei simu, au anajibu kila swali kwa sifa. Hapo mhariri huangalia kwanza kama mada inafaa kwa aina nyingine ya maandishi. Ombi la “habari kuhusu ajali za bodaboda,” kwa mfano, halina tukio, lakini linaweza kuzaa makala ya uchambuzi itakayokwenda hospitali ya wilaya, trafiki na kijiwe cha bodaboda kutafuta takwimu na watu wake. Kazi hiyo ni ya wiki kadhaa, si ya kesho, na aliyeomba anapaswa kuambiwa hivyo mapema. Ikiwa mada haina hata hilo, ombi linarudishwa likiwa na orodha fupi ya kinachohitajika: jambo lililotokea, tarehe na mahali pake, mtu mwenye namba ya simu aliyeliona au kulifanya, na mtu mwingine asiye na maslahi nalo anayeweza kulithibitisha.

Anayejibu orodha hiyo amekwisha kumaliza sehemu kubwa ya safari, na si ajabu habari yake ikatoka kesho yake kweli. Anayekataa kuijibu, lakini bado anataka jina la taasisi yake lionekane gazetini na furaha ya wananchi itajwe, anaelekezwa idara ya matangazo, ambako nafasi hupimwa na kulipiwa, na juu ya ukurasa huandikwa kwa herufi zinazosomeka kwamba hilo ni tangazo.